Asilimia 33.7, kisha 25.4: kanuni ya kusahau na pengo la marudio

Asilimia 33.7 baada ya siku moja. Asilimia 25.4 baada ya siku sita.

Hizi ni namba za Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio ya kumbukumbu yeye mwenyewe na kuyachapisha mwaka 1885. Ziandike kwenye karatasi, weka kikokotoo pembeni, kisha chukua ile kanuni inayoambatanishwa na jina lake karibu kila mahali:

`R = e^(-t/S)`

R ni sehemu iliyobaki kichwani, e ni namba ya kudumu, karibu 2.718, t ni siku zilizopita, na S ni uimara wa kumbukumbu, nao kwa siku. Siku ya kwanza R ni 0.337, kwa hiyo S inatoka siku 0.92. Sasa iulize kanuni siku ya sita itakuwaje. Kikokotoo kinajibu asilimia 0.15.

Ebbinghaus alipata 25.4. Kanuni imekosea kwa zaidi ya mara 170.

Kwa wiki kadhaa jambo hili halikuniacha. Kanuni hiyohiyo ndiyo inayotumika kupanga siku za kurudia somo, na inafanya kazi vizuri. Inawezekanaje kanuni ishindwe vibaya hivyo mbele ya takwimu zinazosemekana ndizo zilizoizaa, halafu ikupe ratiba inayofaa?

## Alichopima hasa

Jibu la kwanza liko katika njia ya kupima. Ebbinghaus alikariri mafungu ya silabi zisizo na maana mpaka ayaseme bila kosa. Baada ya muda alirudi kuyakariri upya, akalinganisha muda wa mara ya kwanza na wa mara ya pili. Kama fungu lilimchukua sekunde 1000 mwanzoni na sekunde 663 baadaye, ameokoa sekunde 337. Hiyo ndiyo asilimia 33.7.

Kwa hiyo hakusema kwamba baada ya siku moja mtu anakumbuka theluthi. Alisema kazi ya kujifunza upya imepungua kwa theluthi, na hilo ni jambo jingine. Mtu anaweza asikumbuke hata silabi moja akiulizwa ghafla, lakini akianza kukariri tena zikamrudia upesi. Alama imebaki, ila haijitokezi yenyewe.

Na ile kanuni ya `e^(-t/S)`, yaani kanuni ya kipeo, si yake. Yeye aliandika kanuni yenye logi ya muda, inayoshuka kwa kasi mwanzoni kisha ikatambaa. Mwaka 2015 Jaap Murre na Joeri Dros wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walirudia jaribio lake na kupata mstari unaofanana sana na wa kwake.

Hilo linaondoa nusu ya tatizo. Nusu ya pili ni ngumu zaidi, kwa sababu hata ukipima kukumbuka kwenyewe, yaani swali limeulizwa na jibu limekuja au halikuja, mstari wa jumla bado unakataa kufuata kanuni ya kipeo. Unashuka, halafu unatulia juu zaidi ya pale kanuni ilipotabiri.

## Rundo moja, kasi mbili

Kanuni ya kipeo inadai jambo moja tu: kila siku inapotea sehemu ileile ya kile kilichobaki. Kama leo unabaki na asilimia 90 ya jana, basi ni 90, kisha 81, kisha 72.9, na wiki ikiisha zimebaki kama 48. Wanafunzi wa fizikia wanaujua mwendo huu kwa jina la nusu-uhai.

Chukua sasa mfano wa darasani. Mwanafunzi wa kemia ana kadi 80, upande mmoja jina la elementi, upande wa pili alama yake. Nusu ya kadi ni nyepesi: oksijeni ni O, kaboni ni C, kalisi ni Ca. Nusu nyingine ni zile ambazo alama haifanani na jina: risasi ni Pb, bati ni Sn, zebaki ni Hg, fedha ni Ag, potasiamu ni K.

Tuseme kadi nyepesi zina S ya siku 30 na ngumu zina S ya siku 3, na kila kadi, peke yake, inaifuata kanuni bila kukosea. Baada ya siku moja atakumbuka kadi 67 kati ya 80. Baada ya siku 7 atakumbuka 36. Baada ya siku 21 atakumbuka 20.

Mtu asiyejua kwamba rundo lina aina mbili atachukua ile 67 ya siku ya kwanza na kutafuta S moja ya rundo zima. Atapata siku 5.6. Kwa S hiyo, siku ya 7 angetegemea kadi 23, na siku ya 21 angetegemea kadi 2.

Zilizobaki ni 20, si 2.

Hakuna kadi hata moja iliyovunja kanuni. Kilichotokea ni kwamba kadi ngumu ziliisha mapema, na baada ya hapo mstari ukawa ni wa kadi nyepesi tu. Ukijumlisha vitu vinavyooza kwa kasi tofauti, jumla yake haiozi kwa kanuni ya kipeo. Inaonekana kama inapunguza mwendo kadiri siku zinavyopita. Fungu lolote la mambo ya kujifunza ni mchanganyiko wa namna hiyo. Hapa ndipo shaka yangu ilipogeuka: kasoro haikuwa kwenye kanuni, ilikuwa kwenye kuiuliza habari za rundo zima, tena kwa siku za mbali.

Kutokana na hapo yanatoka mambo mawili ya kufanya. Tenga kadi ngumu na nyepesi, kila fungu na hesabu yake. Na usiitumie kanuni kutabiri mbali. Itumie karibu na pale ulipopima, sehemu ya juu ya mstari, ambako tofauti kati ya kanuni hii na nyingine bado ni ndogo.

## Lengo ni sakafu

Kabla ya kutafuta siku ya kurudia lazima uamue unakubali kumbukumbu ishuke mpaka wapi. Hilo ndilo lengo. Ukigeuza kanuni kwa logi ya asili, `ln`, pengo kati ya marudio linatoka hivi:

`t = -S × ln(lengo)`

Kwa lengo la asilimia 90, pengo ni S mara 0.105. Kwa 80, ni S mara 0.223. Kwa 95, ni S mara 0.051. Kwa 99, ni S mara 0.010.

Zitazame namba hizo taratibu, kwa sababu gharama yote iko hapo. Kutoka 90 kwenda 95 pengo linakatika nusu, yaani kazi inakuwa maradufu. Kutoka 90 kwenda 99 kazi inakuwa karibu mara kumi. Anayesema "nataka nisisahau kabisa" anaomba pengo la sifuri.

Jambo ambalo watu hulikosa ni kwamba lengo si wastani. Ni kiwango cha chini kabisa, kile cha dakika ya mwisho kabla ya kurudia. Ukirudia leo, leo uko kwenye 100, na unashuka polepole hadi kwenye lengo. Wastani wa safari hiyo yote ni `(1 - lengo) / (-ln(lengo))`. Kwa lengo la 90 wastani ni asilimia 94.9. Kwa lengo la 80 wastani ni asilimia 89.6.

Soma tena hiyo ya mwisho.

Mwanafunzi wa kidato cha nne anayetaka kuingia kwenye mtihani wa Novemba akiwa anakumbuka tisa katika kila kumi hahitaji lengo la 90. Lengo la 80 linamtosha, na mapengo yake yanakuwa marefu zaidi ya mara mbili. Ila kuna sharti: mafungu yake yawe yanaangukia siku tofauti. Kama kadi zote hurudiwa Jumapili ileile, mtihani ukifika Jumamosi zote ziko kwenye sakafu kwa pamoja, na wastani hauna msaada.

Kushuka chini zaidi, tuseme 60, kuna hasara yake. Kadi nne katika kumi zitakuwa zimepotea, na kadi iliyopotea hairudiwi kwa sekunde tano, inajifunzwa upya. Kwa kadi fupi kama hizi ningebaki kati ya 80 na 90. Lengo la 95 kwenda juu ningeliweka kwa vitu ambavyo kukosea kwake kunaumiza, kama vipimo vya dawa kwa anayesomea uuguzi, tena kwa kadi chache tu.

## Hesabu ya kadi 40

Tuchukue fungu la kadi ngumu, zile 40, na lengo la 80.

Jumatatu jioni mwanafunzi anazipitia mpaka kila kadi aijibu sawa mara moja. Jumanne, saa ileile, anajipima. Kanuni ya kujipima ni ngumu kidogo kuifuata: sema au andika jibu kwanza, ndipo ugeuze kadi. Anayegeuza na kusema "aa, hii naijua" anapima kutambua, na kutambua hukaa kichwani muda mrefu kuliko kukumbuka. Namba zake zote zitakuwa za juu kuliko ukweli, na mapengo yatakuwa marefu mno.

Amepata 28 kati ya 40, yaani asilimia 70. Alitaka 80. Pengo la siku moja lilikuwa refu mno, na kiasi gani lilizidi kinatoka kwenye uwiano huu:

`pengo sahihi = pengo lililotumika × ln(lengo) / ln(alichopata)`

Yaani 1 × 0.223 / 0.357, ambayo ni siku 0.63, kama saa 15. Kumbe hakuhitaji kuijua S; imejifuta yenyewe. Na kwa kuwa ni logi juu ya logi, aina ya logi haijalishi. Kitufe cha `ln`, kitufe cha `log`, hata jedwali la logi la shuleni, vyote vinatoa jibu moja. Ila ukitaka S yenyewe, tumia `ln`. Ukitumia `log` ya kumi hapo, S itatoka kubwa mara 2.3, na hilo ni kosa la kawaida kwenye lahajedwali.

Kadi 12 alizokosa anajifunza upya palepale mpaka azijibu. Sasa swali: arudi lini?

## Namba inayosema habari za jana

Hapa nilikwama kwa muda mrefu kuliko mahali pengine.

Ile saa 15 si pengo lijalo. Ni pengo alilopaswa kulitumia jana. Tangu alipojipima Jumanne, kadi zimeimarika, kwa sababu kujiuliza na kujibu ni marudio, tena ni marudio bora kuliko kusoma tena. S ya zamani haipo. Ukiitumia kupanga siku ijayo utarudia mapema mno daima, na hutafika kwenye mapengo marefu ambayo ndiyo faida ya kazi yote hii.

Kinachokosekana ni kiasi ambacho S hukua kila mara unaporudia. Kiite ukuaji. Hakuna anayeweza kukuambia ukuaji wa kadi zako kabla hujapima. Mpolandi Piotr Woźniak, aliyeandika programu ya marudio ya SuperMemo mwaka 1987, alianza kwa kuzidisha pengo kwa 2.5 kisha kurekebisha kwa kila kadi. Mimi ningeanza na 2, kwa sababu kosa la kurudi mapema kidogo ni dogo kuliko kosa la kukuta nusu ya kadi zimepotea.

Kwa hiyo: siku 0.63 mara 2 ni kama siku 1.25. Mwanafunzi huyu anasoma jioni tu, basi ilikuwa achague siku 1 au siku 2. Akachagua 2, yaani Alhamisi.

Alhamisi amepata 31 kati ya 40, asilimia 77.5. Chini kidogo ya lengo, kama ilivyotarajiwa kwa pengo lililozidi. Pengo sahihi lingekuwa 2 × 0.223 / 0.255, siku 1.75. Mara 2 ni siku 3.5, tuseme 4.

Jumatatu amepata 33, asilimia 82.5. Pengo sahihi ni siku 4.6. Mara 2 ni siku 9.

Sasa ana vipimo vitatu na anaweza kuutazama ukuaji wenyewe. S ya kwanza ilikuwa siku 2.8, ya pili 7.8, ya tatu 20.8. Kila mara imeongezeka kwa karibu mara 2.7. Kumbe 2 ilikuwa tahadhari. Kwa hiyo anaweza kutabiri kabla ya kufika: baada ya siku 9, akikua kwa 2 atapata kadi 32, akikua kwa 2.7 atapata 34. Utabiri huu auandike kwenye bahasha ya kadi kabla ya siku kufika. Bila kuuandika hatajua kama kanuni inamfaa au anaizoea tu.

Kuna mtego hapa. Vipimo vyote vitatu vimehesabu kadi zote 40. Mtu anayehesabu Alhamisi zile 28 tu zilizokuwa sahihi Jumanne atapata namba nzuri zaidi na kudhani kumbukumbu imekua sana. Hajaikuza. Amezichuja nyepesi. Ule mchanganyiko wa kasi mbili hauishi kwa kutenga mara moja. Hata ndani ya fungu la ngumu kuna ngumu zaidi.

## Kadi arobaini ni chache

Asilimia 80 ya kadi 40 ni kadi 32. Lakini kwa bahati tu, bila kitu chochote kubadilika kichwani, siku moja unaweza kupata 27 na siku nyingine 37. Ukiingiza 27 kwenye uwiano kwa pengo la siku 9, unaambiwa pengo sahihi ni siku 5. Ukiingiza 37, unaambiwa ni siku 26.

Mara tano ya tofauti, na huenda yote ni bahati.

Kwa hiyo usikubali pengo jipya lizidi lile la zamani mara tatu kwa mkupuo mmoja, hata hesabu ikisema hivyo. Na fungu likiwa na kadi kumi, usihesabu kabisa. Zidisha pengo kwa 2 ukifaulu, lipunguze nusu ukishindwa, inatosha.

Halafu kuna siku ya kufaulu zote. Kadi 40 kati ya 40, asilimia 100, na logi ya 1 ni sifuri. Lahajedwali litaandika kosa la kugawa kwa sifuri, na lina haki: kanuni inakuambia usirudie milele. Dawa yake ni kuongeza nusu juu na moja chini kabla ya kugawa. Kama A2 ni pengo kwa siku, B2 ni sahihi na C2 ni jumla, andika hivi:

```
=2*A2*LN(0.8)/LN((B2+0.5)/(C2+1))
```

Kwa 40 kati ya 40 hiyo inahesabu asilimia 98.8 badala ya 100, na jibu linabaki namba. Bado litakuwa kubwa mno, ndiyo maana ile breki ya mara tatu inahitajika. Ile 2 ya mwanzo ni ukuaji; ibadilishe ukishapima wako.

Alama za kati hazibadiliki sana kwa nyongeza hiyo. 28 kati ya 40 inakuwa asilimia 69.5 badala ya 70.

## S mbili zenye jina moja

Anayetumia Anki, programu ya kadi za marudio, ataona kwamba tangu toleo la 23.10 kuna mpangilio uitwao FSRS, wenye sehemu iliyoandikwa `Desired retention`, na kwa kawaida inasoma 0.90. Hilo ndilo lengo. Kila kadi pia ina `Stability`, na hapo ndipo watu hupotea.

S ya kanuni ya kipeo ni muda wa kumbukumbu kushuka hadi asilimia 37. `Stability` ya FSRS ni muda wa kushuka hadi asilimia 90. Ni vipimo viwili tofauti. Ukiona 30 kwenye Anki ukaiingiza kwenye `e^(-t/S)` kwa lengo la 90, utapata pengo la siku 3, wakati programu yenyewe itakupa siku 30, na iko sahihi kwa maana yake. Ukitaka kuhamisha, gawa `Stability` kwa 0.105.

FSRS haitumii kanuni ya kipeo. Waliotengeneza walichagua mstari unaotulia zaidi mwishoni, kwa sababu ileile ya kadi 20 badala ya 2: mchanganyiko hauepukiki. Mistari yote miwili inapita kwenye 90 siku ileile, kwa hiyo ukiwa na lengo la 90 huoni tofauti. Ukiteremsha lengo hadi 70 utaona programu inakupa mapengo marefu kuliko hesabu yako ya mkono. Hapo iamini programu, mradi ina historia ya kutosha ya majibu yako.

Kwa anayehifadhi Kurani na kufanya murajaa, hesabu hii inahitaji tahadhari nyingine. Aya si kadi zilizotengana. Aya moja huivuta inayofuata, na mtu akikumbushwa neno moja hurudisha ukurasa. Kipimo kinachofaa zaidi hapo ni ukurasa mzima, "umesomeka bila kusaidiwa" au "umesaidiwa", na pengo lihesabiwe kwa kurasa.

## Kadi isiyoshika

Baki na zile chache ambazo kila kipimo zinarudi kwenye upande wa makosa. Hesabu itakuambia uzirudie kila baada ya saa chache, na utazirudia, na zitakosewa tena.

Tazama makosa yenyewe, usitazame idadi. Kama jibu la makosa ni tofauti kila mara, kumbukumbu ni dhaifu tu, na pengo fupi litasaidia. Kama jibu la makosa ni lilelile, kumbukumbu haijaoza. Imegongana na nyingine. Anayeulizwa potasiamu na kujibu P kila mara hajasahau K. P inafika kwanza, kwa sababu jina linaanza na sauti hiyo, na P ni fosforasi. Vivyo hivyo Ag na Au ya dhahabu, na Sn na Sb ya antimoni.

S haina la kusema hapo, maana kanuni yote inahesabu kitu kimoja kinachofifia, na hapa viko viwili vinavyogombania mlango. Zitoe kadi hizo kwenye fungu ili zisiharibu hesabu ya nyingine. Andika kadi moja mpya yenye swali la kutofautisha: "P na K, ipi ni potasiamu na ipi ni fosforasi?" Ongeza sababu nyuma: K inatoka kwenye kalium, Ag kwenye argentum, Au kwenye aurum, Sn kwenye stannum, Sb kwenye stibium. Zikishajibiwa sawa mara tatu kwa siku tatu tofauti, zirudishe kwenye fungu, na uanze kuzihesabia pengo kuanzia siku moja, kama kadi mpya.